Mswada Usomwe: Dhamira ya Matakwa katika Kiingereza na Kiswahili

Katika Bunge letu hapa Nairobi, ambako Ibara ya 120 ya Katiba ya 2010 imevipa Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya hadhi ya lugha rasmi, mbunge atoapo kwa Kiingereza hoja ya kwamba mswada usomwe mara ya pili, kitenzi chake cha kuwa husimama kama shina tupu, kisichofuata nafsi wala wakati. Sura hiyo haitoi habari kwamba mswada unasomwa. Hudhihirisha matakwa, ambayo Bunge lina hiari ya kuyakubali au kuyakataa. Ikitolewa kwa Kiswahili, hoja hiyohiyo huihamisha maana kwa kuondoa alama ya wakati na kugeuza irabu ya mwisho: unasomwa huwa usomwe.

Kiingereza cha kale kilikuwa na viishio mahsusi vya dhamira hii, lakini vilipochakaa kwa kupita karne, hakikubaki kitambulisho kikuu ila shina hilo la kuwa, na kukosekana kwa ile s ya nafsi ya tatu umoja. Na hata hicho Waingereza hukikwepa mara nyingi kwa kutia kitenzi kisaidizi, hali Wamarekani wamekihifadhi zaidi.

Hasara ya kuchakaa huko huonekana katika kitenzi cha kusisitiza. Tuseme mwenye matatu ziendazo Kangemi ameandikiwa barua ya Kiingereza kwa niaba yake, kuhusu leseni: dereva akiwa mmoja, kitenzi cha kuwa na kitu kitabainisha kama tajiri anashikilia kwamba leseni ipo, au anataka ipatikane; lakini madereva wakiwa wawili, sura zote mbili hulingana herufi kwa herufi, na msomaji hana budi kutafuta maana katika sentensi za jirani. Kwa Kiswahili, shaka hiyo haina nafasi, kwa kuwa “anasisitiza kwamba madereva wana leseni” ni utetezi, na “anasisitiza kwamba madereva wawe na leseni” ni amri.

Hata hivyo nasi tunao mtihani wetu. Vitenzi tulivyovipata kwa Waarabu, kama jibu, fikiri na samehe, havigeuzi irabu ya mwisho, ingawa Kiarabu chenyewe, baada ya neno lake la “kwamba” la kutaka, hugeuza irabu ya mwisho ya kitenzi kutoka u kuwa a. Katika “Spika ajibu”, basi, mwisho wa kitenzi hautufunulii siri yoyote, na dalili tuliyo nayo ni kukosekana kwa alama ya wakati, kwani habari kwa kawaida ingekuwa “anajibu” au “amejibu”. Na mwenye kushuku na aikanushe sentensi, ambapo habari itakuwa “hajibu” na matakwa yatakuwa “asijibu”.