Karatasi Dhidi ya Wino: Bonanza la Bagamoyo na Kurasa Zake Mbili

Kampuni ndogo za Dar es Salaam zimeizoea siku hii. Jumamosi moja ofisi inafungwa, kosta inakodiwa, watu wanavaa fulana za rangi moja na kwenda kuvuta kamba, kukimbia na magunia na kula nyama choma hadi jua linapozama. Wengine huiita bonanza, wengine siku ya kujenga timu. Wiki inayofuata hutoka ukurasa mmoja au miwili ya picha na maelezo, hubandikwa ukutani au hutumwa kwenye kundi la Wasapu. Kurasa hizo wengi huziona kazi ya dakika kumi. Mimi naona ni sehemu ngumu kuliko bonanza lenyewe, kwa sababu kicheko cha ufukweni hupita na upepo, lakini kilichochapwa hukaa ukutani, na anayechekwa hupita mbele yake kila asubuhi.

Kiwanda chetu cha uchapaji kina watu 16. Safari hii tulikwenda Bagamoyo, kama kilomita 70 kaskazini mwa jiji, na mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuandaa kurasa mbili za kumbukumbu. Majina ya wenzangu nayaacha kwenye nakala iliyo ukutani kwetu; hapa nitawataja kwa kazi zao.

Tulianzia Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale wenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13, kisha tukaenda ufukweni kwa michezo. Timu zilikuwa mbili: Karatasi na Wino. Picha zilizopigwa zilizidi 200, na nafasi ilikuwa ya picha tisa tu.

Kabla ya kutafuta picha nzuri, nilichukua karatasi nikaorodhesha watu wote 16 upande wa kushoto, nikachora safu tisa kulia, moja kwa kila picha. Picha tisa zilizopendwa na wengi kwenye kundi nikaziwekea alama: nani anaonekana wapi. Mkurugenzi wetu alikuwa kwenye tano. Vijana watatu wa usanifu walikuwa kwenye nne. Dereva hakuwemo hata mara moja, mama anayesafisha ofisi hakuwemo, mpiga picha hakuwemo, wala mlinzi aliyebaki Gerezani kulinda mashine. Hakuna aliyekusudia kuwatenga. Kamera hufuata kelele na watu wanaopenda kupigwa picha. Anayekata vitunguu nyuma ya mti haitwi. Kwa hiyo kanuni ikawa kwamba kila mtu aonekane angalau mara moja, uso ukiwa wazi, akifanya jambo. Picha tatu kati ya zile zilizopendwa zikatoka, nyingine tatu zikaingia.

Hizi mbili ni kati ya zilizoingia:

*Picha ya 2. Bunju, saa moja asubuhi. Dereva wetu anakaza nati za tairi la nyuma baada ya kusikia mlio ambao sisi wengine tulidhani ni muziki. Tulifika salama, tena kabla ya jua kuwa kali.*

*Picha ya 9. Gerezani, Jumatatu. Mlinzi wetu akiwa na fulana yake ya bonanza. Jumamosi alipokea roli la karatasi peke yake ili sisi twende. Nyama yake aliletewa. Anasema ilikuwa ndogo, na uchunguzi unaendelea.*

Msomaji ataona kwamba maelezo hayarudii kile ambacho picha inakionyesha. Kwamba dereva ameinama penye tairi linaonekana. Kisichoonekana ni ule mlio alioutambua, na kwamba sisi hatukuutambua. Maelezo ya picha yataje mahali, yamtaje mtu na alichofanya, kisha yaongeze jambo moja ambalo aliyekuwepo pekee ndiye anayelijua. Watu wakiwa wengi, wahesabiwe kutoka kushoto, wote, hadi wa mwisho. Ukiandika “mkurugenzi akiwa na baadhi ya wafanyakazi”, umemtaja mmoja na wengine umewafanya pazia.

Kwenye utani ndiko tulikojadiliana zaidi. Kwenye kundi la Wasapu picha ya kuvuta kamba ilikuwa imeshapata maneno: mtunza stoo wetu, mzee kuliko wote kazini, amekaa mchangani miguu mbele, na kijana mmoja ameandika kwamba injini ya zamani imezima. Watu walicheka. Mzee hakujibu kitu. Kijana hakuwa na nia mbaya, na asubuhi huwa wa kwanza kumwamkia mzee shikamoo. Ila pale alikuwa amecheka upande mmoja tu.

Sisi tuna kipimo cha mambo haya, wala hatukukiazima kwa mtu. Utani wa jadi una sheria zake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mmoja anaweza kumnyang'anya mwenzake kofia msibani, akadai fidia, akamwambia maneno ambayo kwa mtu mwingine yangeleta kesi, na mwenye kutaniwa hakasiriki. Anavumilia kwa sababu ana haki ileile ya kurudisha, na kwa sababu mtani huyo ndiye atakayeshika jembe kaburi likichimbwa. Palipo na haki ya kujibu na deni la kusaidiana, pana utani. Pasipo na hayo, aliyecheka amemcheka mwenzake tu. Ofisini haki ya kujibu haigawanywi sawa: mkurugenzi akimtania mfagiaji, mfagiaji atatabasamu, na tabasamu hilo halituambii kitu.

Kwa hiyo kila utani uliotaka kuingia kwenye kurasa niliuuliza swali moja: huyu anaweza kujibu, na jibu lake limo? Nilimpelekea mzee wa stoo picha yake nikamwomba maelezo ayatoe mwenyewe. Yakawa hivi:

*Picha ya 5. Kamba, mzunguko wa tatu. Mtunza stoo, wa mwisho nyuma, ndiye nanga ya Karatasi. “Kukaa chini ni mbinu,” anasema. “Vijana wa Wino walinivuta kutoka nyumbani kuja Bagamoyo, mimi nimewavuta kutoka Bagamoyo kwenda mchangani.” Karatasi 2, Wino 1.*

Chini yake tukaweka jibu la Wino, kwa sababu walilidai: *“Karatasi bila Wino ni ya kufungia vitumbua.”* Utani huo ulienea jengo zima ndani ya siku moja, na ulimfaa kila mtu, kwa kuwa ulihusu kazi tunayoifanya wote na hakuna mwili, umri, kabila wala mshahara wa mtu uliotajwa.

Hata hivyo, si kila utani wa kabila ulifungiwa mlango. Mhasibu wetu ni Mnyamwezi wa Tabora na mkata karatasi ni Mzaramo wa Kisarawe, watani wa miaka mingi. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya karne ya 19, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, wakishuka pwani na mizigo ya kama kilo 30 kila mmoja. Mhasibu aliposhuka kwenye kosta alimkabidhi mwenzake begi lake: babu zangu wamebeba vya kutosha kuja hapa, leo zamu yenu. Mzaramo akalibeba hatua chache, akalitua, akatoza ushuru wa kutua mzigo pwani. Yote mawili yaliingia, kwa maneno yao na kwa ruhusa yao. Mmoja wa vijana alitaka kuongeza la tatu kuhusu Wanyamwezi. Yeye si mtani wao, na hakuwepo begi lilipobadilishana mikono. Hilo halikuingia.

Picha iliyonipa kazi kubwa ni ya mwendesha mashine anayetembea kwa magongo. Katika kuvuta kamba, watu hushindwa kwa kuvuta kila mmoja kwa wakati wake kuliko kwa unyonge. Kocha anayesimama pembeni na kutoa amri ya pamoja anaweza kuigeuza timu nyepesi ikawa nzito. Yeye ndiye aliyekuwa kocha wa Karatasi. Sauti iliyozoea kushindana na mashine ilisikika vizuri kuliko ya mwamuzi. Rasimu moja ilisema ameshiriki “licha ya hali yake”. Niliyaondoa maneno hayo, kwa sababu yanamweka nje ya mchezo alioushinda. Yaliyochapwa ni haya:

*Picha ya 4. Kocha wa Karatasi anahesabu: moja ni kukaza, mbili ni kuegemea, tatu ni twende. Baada ya kupoteza mzunguko wa kwanza, alibadilisha mpangilio wa watu watatu wa mbele. Wino wanaomba apimwe koo.*

Magongo yanaonekana kwenye picha, kwa kuwa ni yake na ndiyo aliyokuwa nayo. Hayakuhitaji maneno.

Shukrani zilichukua robo ya ukurasa wa pili. Desturi ni kuandika “tunawashukuru wote waliofanikisha siku hii”, sentensi ambayo hakuna mtu anayejikuta ndani yake. Shukrani humfikia mtu pale unapotaja alichofanya na kilichopatikana kwa sababu hiyo. Nanukuu tatu:

*Kwa mama wa usafi, aliyetenga sufuria na kisu vya wasiokula nyama bila kuambiwa na mtu: watu watatu walikula bila kuuliza maswali.*

*Kwa mpiga picha, ambaye hakucheza mchezo wowote: picha yake moja (ya 7) imepigwa na mkurugenzi, na ndiyo maana imepinda.*

*Kwa mkurugenzi, aliyelipa kosta na chakula, na akaihesabu Jumamosi ile kuwa siku ya kazi: hakuna aliyechagua kati ya bonanza na posho yake.*

Mkurugenzi aliisoma ile ya picha iliyopinda kabla haijachapwa, akacheka, akaomba ibaki. Utani unaomhusu mwenye madaraka una nafasi pana zaidi, ila naye aulizwe. Hii ya mwisho ndiyo iliyonyamazisha watu waliposoma, kwani wengi hawakujua kwamba siku ile ililipwa.

Rasimu nzima ilikaa siku mbili kwenye meza ya chai ikiwa na kalamu. Mtu angeweza kufuta picha yake au maelezo yake bila kutoa sababu. Dada mmoja wa mapokezi aliomba picha yake ya kukimbia na gunia itolewe. Tukaweka ile aliyosimama kwenye magofu ya Kaole. Mwingine alisahihisha jina la baba yake lililokosewa herufi moja.

Kisha likaja suala la mtandao. Ofisi ilitaka kuziweka kurasa hizo Instagramu ili wateja wazione. Ruhusa ya kubandikwa ukutani pa kazini si ruhusa ya kutangazwa kwa kila mtu, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihusu hata kampuni ndogo kama yetu. Tukauliza upya, picha moja moja, mtu mmoja mmoja, kwa maandishi. Picha nne zilipata ruhusa ya wote waliomo. Ile ya nanga ya Karatasi ni mojawapo, na mzee aliweka sharti kwamba matokeo yasikatwe.