Nukta ya Mjerumani, mkato wa Dar

Ankara kutoka Ujerumani imefika Dar es Salaam: uzito 1.250 kg, bei 2,40 kwa kilo, jumla 3.000,00. Kule nukta hutenga maelfu na mkato hutenga desimali, kinyume cha mazoea yetu. Karani wa huku akisoma haraka ataona kilo moja na robo. Excel iliyopangwa kwa mtindo wetu nayo itaipokea 1.250 kama 1.25 bila onyo lolote, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Kipimo ni kuzidisha. Kilo 1.25 mara 2.40 ni yuro 3 tu. Kilo 1,250 mara 2.40 ni yuro 3,000. Ya pili ndiyo inayolingana na jumla. Kwa hiyo badili alama kwenye kila safu, kisha zidisha upya kabla ya kulipa.

Tarehe haina hesabu ya kuiumbua. 05/06/2025 kwetu ni 5 Juni, kwa Mmarekani ni 6 Mei. Mwulize aliyeituma, kisha andika mwezi kwa herufi. Fedha nayo iandikwe TZS, KES au UGX, maana “shilingi” ni za nchi kadhaa.