Nukta Iliyofutwa: Jinsi Nuru Nyekundu Inavyozaa Urujuanimno

Mwaka 1961, Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walielekeza leza ya yakuti kwenye kipande cha fuwele ya kwatzi, kisha wakaitawanya nuru iliyotokea upande wa pili juu ya bamba la picha. Nuru nyekundu ya leza, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 694, iliacha doa kubwa. Mbali nalo, mahali pa nanomita 347, palikuwa na nukta ndogo sana. Hiyo ni nusu kamili ya urefu ule wa kwanza: urujuanimno, nuru isiyoonekana kwa macho, imezaliwa ndani ya jiwe. Inasimuliwa kwamba kabla ya jarida kuchapishwa, mhandaaji wa picha aliidhania nukta hiyo kuwa uchafu, akaifuta. Wasomaji wakabaki na mshale unaoelekeza patupu.

Kwa nini ilihitajika kwatzi, na kwa nini nukta ilikuwa hafifu kiasi hicho?

Nuru ni mawimbi ya umeme yanayogeuza upande mara nyingi mno kwa sekunde. Yakipita ndani ya fuwele, huzisukuma elektroni huku na huko, nazo zikitikisika hutoa nuru yake. Kwa nuru ya taa, elektroni husogea kidogo tu na kwa kadiri ya msukumo, kwa hiyo rangi haibadiliki. Leza huzisukuma kwa nguvu zaidi, na hapo mpangilio wa atomi huanza kujionyesha. Kama ni rahisi kidogo kwa elektroni kwenda kulia kuliko kushoto, mtikisiko wake hupotoka, na ndani yake hutokea mtikisiko mwingine wenye kasi maradufu. Huo ndio unaotoa nuru ya nusu ya urefu wa wimbi.

Lakini fuwele nyingi zina kitovu cha ulinganifu: kila atomi ina pacha wake upande wa pili wa kitovu, kwa umbali uleule. Humo kulia na kushoto ni sawa kabisa. Ukiugeuza msukumo wa umeme, kila mwitikio wa fuwele lazima nao ugeuke. Sasa, mtikisiko ule wa ziada hufuata mraba wa msukumo, na mraba wa hasi ni chanya, kwa hiyo wenyewe haugeuki. Kitu kinachotakiwa kugeuka na papo hapo kubaki vilevile hakiwezi kuwa kingine ila sifuri. Kwatzi haina kitovu hicho, ndiyo maana ilifaa. Kioo cha kawaida hakifai, kwa kuwa atomi zake zimetapakaa bila kupendelea upande wowote. Kalsiti nayo ina kitovu, lakini mwaka 1962 Robert Terhune na wenzake waliitia umeme kutoka nje, usawa ukavunjika, na nuru maradufu ikatokea.

Swali la pili ndilo lililowatesa mafundi. Ndani ya kwatzi, urujuanimno husafiri polepole kuliko nuru nyekundu. Kila tabaka la fuwele linaloangazwa na nuru nyekundu huzaa urujuanimno wake, lakini ule uliozaliwa nyuma umechelewa. Ni kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja wanaoanza pamoja, kisha mapigo yao yakaachana mpaka huyu anavuta wakati yule anasukuma. Baada ya takriban sehemu 7 za elfu moja za milimita, urujuanimno mpya huanza kuufuta wa zamani. Kwa hiyo kunenepesha kipande cha kwatzi hakusaidii kitu. Ukikiinamisha polepole, nuru inayotoka hupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na Paul Maker na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1962.

Mwaka huohuo, kundi la Maker na Joseph Giordmaine, kila upande kivyake, walipata dawa. Walitumia fuwele iitwayo KDP, ambayo kasi ya nuru ndani yake hutegemea pia uelekeo wa mtikisiko wa wimbi. Urujuanimno hutikisika katika uelekeo unaoupa mwendo wa haraka, nuru nyekundu katika ule wa polepole. Kwa pembe ya digrii 50 hivi kutoka mhimili wa fuwele, kasi mbili hizo zinalingana, na kila tabaka huongeza juu ya lililotangulia. Pembe ikikosewa hata kwa sehemu ya digrii, faida huporomoka, na joto la fuwele likibadilika, nayo pembe hubadilika.

Leza nyingi za kijani za kushikwa mkononi hufanya kazi kwa njia hii. Ndani yake kuna nuru ya nanomita 1064, isiyoonekana, inayogeuzwa kuwa ya nanomita 532 na fuwele ndogo. Si yote inayogeuka, na katika zile za bei nafuu kichujio cha kuzuia masalio huenda hakipo. Jicho halitapepesa kwa nuru lisiyoiona, kwa hiyo usikubali kamwe leza ya namna hiyo ielekezwe usoni kwa mtu, hata kama kijani chake kimefifia.