Barua ya Kusogeza Siku ya Kuanza Kazi

Mhasibu mmoja wa Dar es Salaam alitakiwa kazini kwa mwajiri mpya Juni 1. Barua ya kuacha kazi aliiwasilisha Mei 12. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 au zaidi. Zake zinaisha Juni 9. Akiondoka mapema, mwajiri anaweza kumkata mshahara wa siku hizo.

Barua yake ilikuwa fupi: “Nimeipokea ajira kwa furaha. Notisi yangu inaisha Juni 9, hivyo naomba kuripoti Juni 10.” Asiyetaja tarehe huonekana anasitasita. Usisaini mkataba wa Juni 1 kabla hujajibiwa kwa maandishi.