Rauta Ikikata Kila Saa: Hesabu Dakika Kwanza, Ndipo Uizime

Leo naomba tuongelee rauta, hasa ile tabia yetu ya kuzima na kuwasha kila neti ikikata. Kuna wakati inasaidia kweli, na kuna wakati unajidanganya tu huku wateja wanaondoka.

Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Lusu, Nzega. Wateja wangu wengi wako Tabora mjini, Igunga na Shinyanga, wanachagua kwa picha WhatsApp, mzigo naupakia kwenye basi. Mwezi wa kumi mwaka jana neti ilianza kukata kila mchana. Mteja wa Igunga aliagiza jozi sita za 18,000, akataka picha za soli kwanza. Picha ikawa inazunguka tu. Nilivyoipata neti tena, akajibu: "Nimeshapata kwingine kaka." 108,000 hiyo ikaenda.

Kesho yake nikachukua daftari, nikaandika kila nilipowasha na kila ilipokata:

Saa 8:10 nimewasha, saa 8:50 imekata. Dakika 40.
Saa 8:52 nimewasha, saa 9:10 imekata. Dakika 18.
Saa 9:11 nimewasha, saa 9:20 imekata. Dakika 9.

Usiku mzima haikukata hata mara moja. Na kila ilipokata, jina la waifai lilipotea kabisa kwenye simu, wakati jirani mwenye laini ya mtandao huohuo anaperuzi vizuri.

Hapo nikaelewa. Kama tatizo ni mnara au bando, jina la waifai hubaki, ila intaneti haipo. Jina likipotea, rauta yenyewe ndiyo imezima au imeganda. Na zile dakika zinapungua kwa sababu kila ninapoiwasha haraka, inaanza kazi ikiwa bado ya moto. Yaani ni joto.

Nikaangalia ilipokaa: ndani ya kabati la vioo lililofungwa, juu ya dekoda, imebanwa na maboksi ya viatu. Rauta nyingi za dukani zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40. Mwezi wa kumi huku kwetu nje kivulini tu inapita nyuzi 30, ndani ya kabati chini ya bati ni zaidi. Halafu kiangazi chote vumbi la barabara limeingia kwenye matundu yake, limelala ndani kama blanketi. Joto linakosa pa kutokea.

Nilichofanya ni hiki. Nilichomoa waya wa umeme, nikaiacha nusu saa ipoe. Nikachukua brashi ndogo ya rangi, mpya na kavu, nikapiga matundu taratibu huku nimeiinamisha vumbi lidondoke nje. Usitumie kitambaa chenye maji wala usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Kisha nikaitoa kabatini, nikaisimamisha juu ya meza, mbali na jua la dirishani, nikaacha nafasi ya kiganja pande zote. Siku hiyo ilifanya kazi mpaka nafunga duka. Huo ndio uthibitisho.

Sasa, kuzima na kuwasha kunasaidia lini? Kunasaidia pale rauta imewaka miezi bila kupumzika. Kumbukumbu yake inajaa, programu inajikanganya, neti inakuwa nzito hata usiku wa baridi. Hapo chomoa waya, hesabu hadi 30, chomeka. Ikitulia wiki kadhaa, dawa ilikuwa hiyo. Mimi sasa nafanya kila Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua.

Lakini ikirudia ndani ya saa moja au mbili, acha kuiwasha-washa. Ipe muda ipoe, kisha shughulikia vumbi na mahali ilipokaa. Ukiona iko safi, imepoa, na bado inazima, shuku chaja. Azima nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya kwako. Ikizima hata kwa chaja hiyo, mpelekee fundi. Joto la muda mrefu huua vifaa vya ndani, na brashi haifufui.

Angalizo moja: kile kitufe kilichozama kwenye tundu dogo usikibonyeze kwa sindano ukidhani ni cha kuzimia. Kinafuta jina, neno la siri na mipangilio yote, na rauta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kuzima ni kuchomoa waya tu.

Leo mchana, kabla oda hazijaanza kuingia, weka mkono juu ya rauta yako. Ukishindwa kuushikilia hapo kwa sekunde tano, itoe kabatini.