Bodaboda Iliyogeuka Bila Kugeuka

Msomaji mmoja wa Arusha anatengeneza filamu fupi na wenzake. Ndani yake bodaboda inafukuzwa na gari kutoka Tengeru kwenda mjini, nao walirekodi kwa simu mbili, moja kila upande wa barabara ya Moshi. Walipounganisha vipande, dereva anakimbilia mjini, mara anarudi Tengeru, mara anaelekea mjini tena, ilhali siku ile hakugeuza hata mara moja. Anauliza ni simu ipi iliyoharibu.

Hakuna simu iliyoharibu. Pale Tengeru barabara inakwenda mashariki na magharibi, na Mlima Meru uko upande wa kaskazini. Simu ya kusini ilitazama kaskazini, kwa hiyo ilimwona dereva mbele ya mlima, naye akikatiza kioo kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu kwa anayetazama kaskazini, magharibi iko mkono wake wa kushoto. Simu ya ng'ambo ilitazama kusini. Kwake magharibi iko kulia, na dereva yule yule, kwa mwendo ule ule, alikatiza kutoka kushoto kwenda kulia. Kila kipande peke yake kinasema kweli. Kinachodanganya ni pale viwili vinapounganishwa.

Ndiyo maana wapiga picha huchora laini ya kuwaziwa kwenye njia ya kitu kinachokwenda, au kati ya watu wawili wanaozungumza, wakaweka kamera zote upande mmoja wa laini hiyo. Wengine huiita mhimili. Mimi nasema laini, kwa kuwa mhimili hukaa mahali pamoja, ilhali laini hii, kama tutakavyoona, huhama.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote, ambalo watengeneza filamu wengi hulijua kwa mazoea bila kuiona sababu yake. Tuseme bodaboda inakwenda kilomita 40 kwa saa. Lenzi haioni mwendo wote huo ukikatiza. Inaona sehemu yake tu, nayo hutegemea pembe kati ya njia ya bodaboda na upande ambao lenzi inatazama. Ukiita mwendo v na pembe θ, sehemu inayokatiza kioo ni v × sin θ. Kamera ikitazama barabara kwa pembe mraba, nyuzi 90, inaona zote 40. Sogea hadi nyuzi 30, inaona 20. Simama katikati ya barabara bodaboda ikikujia usoni, pembe ni sifuri na mwendo wa kukatiza ni sifuri: dereva anakua tu kwenye kioo, haendi kushoto wala kulia. Piga hatua moja zaidi uvuke barabara, na hesabu inaanza kupanda tena, lakini sasa ikiwa na alama ya kutoa mbele yake. Kushoto kumekuwa kulia.

Kwa hiyo ile shoti ya mbele ambayo wakongwe hushauri iingizwe kati ya pande mbili ni sifuri yenyewe iliyoko kati ya chanya na hasi. Kamera inayotembea inavuka laini bila kumsumbua mtu, kwa sababu inapita kwenye sifuri mbele ya macho ya mtazamaji. Mkato unairuka.

Lakini kwa nini mtazamaji aamini kwamba dereva ndiye aliyegeuka, wala si kamera iliyohama? Barabarani, ukimzunguka mtu aliyesimama, mkono wake uliokuwa kushoto kwako unahamia kulia, nawe hushangai. Miguu yako inajua imetembea, na mifereji midogo yenye majimaji ndani ya sikio imehisi mwili ukigeuka. Ubongo unajumlisha taarifa hizo na kusema: nimehama mimi. Aliyekaa kwenye kiti mbele ya kioo hana taarifa hizo. Sikio linasema tumetulia, miguu inasema tumetulia. Yanabaki maelezo mamoja tu, kwamba aliyegeuka ni dereva.

Televisheni ya mpira inaishi kwa kanuni hii. Fikiria mechi pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kamera kuu zote zikiwa jukwaa moja. Timu inayoshambulia kwenda kulia hushambulia kwenda kulia dakika zote 45, na anayetoka jikoni na chai yake hahitaji kuuliza goli la nani liko wapi. Kila kamera, ya juu, ya chini, ya kona, ina alama ile ile ya hesabu. Mrudio ukichukuliwa kutoka jukwaa la pili, mshambuliaji aliyekuwa akikimbilia kulia anafunga akielekea kushoto, na kwa nusu sekunde unadhani wamejifunga. Ndiyo maana mrudio wa namna hiyo mara nyingi huwekewa maandishi ya kueleza kwamba ni pembe ya upande wa pili. Timu zikibadilishana magoli, mapumziko ndiyo yanayotuandaa.

Mpira una uwanja usiohama. Mbuga haina. Howard Hawks alipotengeneza "Hatari!", iliyotoka mwaka 1962, alirekodi Tanganyika, pamoja na shamba la Momella chini ya Meru, akiwa na John Wayne, Hardy Krüger na Elsa Martinelli. Ni filamu ya wakamata wanyama, na vifaru hawaambiwi wakimbilie upande gani. Itazame tena ukiwa umezima sauti. Kamera ikiwa kwenye gari linalokwenda sambamba na la wakamataji kwa kasi ile ile, gari hilo halisogei kabisa kwenye kioo. Mwelekeo unaujua kwa mambo mawili tu: pua ya gari imeelekea wapi, na nyasi na miti ya nyuma inakimbilia wapi. Kifaru akikata kona, laini inageuka pamoja naye. Kona hiyo ikionekana kwenye shoti, mtazamaji anageuka nayo na upande mpya unakuwa halali. Ikikatwa, mwindaji na windo wanaweza kuonekana wanakuja kugongana.

Mandhari ya Momella nayo ni shahidi. Meru uko magharibi, na siku ya anga safi Kilimanjaro inaonekana mashariki. Waweke watu wawili wakizungumza, mmoja akitazama kaskazini na mwenzake kusini. Kamera ya mashariki yao ina Meru nyuma. Ukivuka laini, nyuma kuna Kilimanjaro, na aliyekuwa akitazama kulia sasa anatazama kushoto. Kwenye kioo, wote wawili wamebadilishana viti bila kuinuka. Yasujirō Ozu wa Japani aliivuka laini kwa makusudi na filamu zake zinafuatika, lakini watu wake huwa wamekaa.

Kwa msomaji wetu, dawa ni kurudi Tengeru na kurekodi bodaboda ikija moja kwa moja kwenye lenzi, sekunde mbili tatu, kisha kuiweka shoti hiyo kila pale pande zinapobadilika. Uso wa dereva ndani ya kofia, ukirekodiwa kutoka mbele, nao unafaa. Gari linalomfukuza lirekodiwe kutoka upande wa kusini tu.

Programu ya kuhariri itakupa pia kitufe cha kupindua picha kulia kushoto, na kitakushawishi. Kabla hujakibonyeza, angalia kipande chenyewe. Namba ya pikipiki itasomeka kinyumenyume, na dereva atakuwa anaendesha upande wa kulia wa barabara, katika nchi ambayo watu huendesha kushoto. Ukipindua vile vya kusini, yapo makubwa zaidi: Meru ulibomoka ubavu wa mashariki, na kutoka Tengeru ubavu huo uko kulia kwa mlima. Ukihamia kushoto, watu wa Arusha watauona kabla hawajamwona dereva.