Barua ya Kuomba Kusoma Nyaraka

Mwanafunzi wa Unguja anayetafiti jinsi wafanyabiashara wa Kihindi walivyosusia karafuu mwaka 1937 anaweza kuanzia Nyaraka za Taifa, Kilimani. Barua ya maombi humwendea mkurugenzi, ikiwa na muhuri wa shule na saini ya mwalimu mkuu.

Akiandika "historia ya karafuu" tu, mhudumu hatajua alete jalada lipi. Afadhali aandike: "Naomba kusoma ripoti na barua za serikali kuhusu biashara ya karafuu, 1934 hadi 1938." Miaka hiyo inaanzia sheria zilizozusha mgogoro.

Ataje pia siku atakazofika, na aombe kupiga picha kurasa, maana ruhusa ya kusoma si ruhusa ya kunakili.